Darsa ya leo: taa ndani ya shubaka

Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo baada ya Isha tunaendelea na Suratun Nur, aya ya 35, inayopiga mfano wa nuru ya Allah kwa taa. Naomba kila mmoja aisome kabla, taratibu, akifuata taa inavyojengwa.

Kwanza shubaka: kijidirisha cha ukutani kisichotoboka upande wa pili. Mwanga wa taa iliyowekwa humo hautawanyiki. Ukuta wa nyuma unaurudisha chumbani. Kisha kioo, kinachouzuia upepo na chenyewe kinang'aa kama nyota. Kisha mafuta ya mzeituni usio wa mashariki wala magharibi. Wafasiri wengi wamesema ni mti ulio mahali pa wazi, unaopigwa na jua asubuhi hadi jioni, ndiyo maana mafuta yake ni safi mno, yanakaribia kuwaka kabla moto haujayagusa. Hapo ndipo "nuru juu ya nuru".

Ubayy bin Ka'ab, radhi za Allah ziwe juu yake, aliufasiri mfano huu kuwa ni wa nuru katika moyo wa muumini. Tutaanzia hapo. Someni pia aya ya 36, inayotaja nyumba za ibada. Wafasiri kadhaa wameiunganisha na taa hii.