Doti 1,400 zimeharibika, malipo hayaeleweki: je, vocha iliyosainiwa inafunga dai?

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Naandika kwa niaba ya mama mmoja mwenye duka la vitenge na khanga hapa Ngamiani, Tanga, ambaye mimi namtunzia vitabu vya hesabu. Duka lilishika moto usiku, wiki chache kabla ya Idi, wakati mzigo umejaa hadi darini. Aliidai kampuni ya bima shilingi 18,200,000. Kilichoingia benki ni 6,300,000. Sehemu kubwa ya pengo hilo naielewa na sina ugomvi nayo. Ila kuna 1,890,000 ambazo naamini zimepotea kwenye hesabu tu, na hizo ndizo zinazonifanya niombe ushauri wako.

Nianze na namna tulivyofuatilia, maana hapo ndipo muda mwingi ulipotelea. Kila mama alipopiga simu kuuliza dai limefika wapi, alijibiwa, "Mama, linashughulikiwa." Jibu hilo halina kosa, lakini halimwambii mtu chochote. Baadaye tukabadilisha maswali. Tukataja namba ya dai na namba ya hati ya bima, kisha tukauliza kimoja kimoja: ripoti ya Zimamoto na ya polisi zimo kwenye faili? Mkadiria hasara ameshaleta ripoti yake? Nani anaidhinisha kiasi? Vocha ya malipo imeshaandikwa? Siku hiyo hiyo tukajua kwamba ripoti ya mkadiria ilikuwa imefika zamani na vocha ilikuwa mezani ikisubiri sahihi ya mama.

Mama akaenda, akasaini. Aliichukulia kama risiti ya kupokelea fedha. Karatasi ile ina sentensi inayosema malipo hayo ni "kamili na ya mwisho", na haikuambatanishwa na mchanganuo wowote. Fedha zilipoingia na tukauliza tena, jibu likawa kwamba dai limelipwa na limefungwa.

Mchanganuo tuliuomba kwa barua, lakini kabla haujaja nilijaribu kurudi nyuma kutoka kwenye kiasi chenyewe. Hati ya bima inasema mwenye mali anabeba mwenyewe asilimia 10 ya kila hasara. Kwa hiyo 6,300,000 ni asilimia 90 ya kitu fulani, na kitu hicho ni 7,000,000. Sasa 7,000,000 imetoka wapi? Hapo ikabidi nirudi kwenye daftari la stoo.

Siku ya moto dukani kulikuwa na doti 4,000. Zilizoungua, pamoja na zile zilizoharibiwa na moshi na maji ya kuzimia, ni doti 1,400. Kwa wastani doti moja hununuliwa kwa shilingi 10,000 na kuuzwa 13,000. Mama alipojaza fomu ya dai alitumia bei anayoijua kichwani, yaani ya kuuzia: hasara akaandika 18,200,000, na palipoulizwa thamani ya bidhaa zote siku ya tukio akaandika 52,000,000. Fomu haikusema ni bei ipi.

Bima ya moto kwa bidhaa za duka, kama ilivyo hati ya mama, hurudisha gharama ya kuzipata bidhaa, si faida ambayo ingepatikana zikiuzwa. Faida ina bima yake, na mama hakuikata. Kwa hiyo mkadiria alipoishusha hasara hadi 14,000,000, yaani doti 1,400 kwa shilingi 10,000, alikuwa sahihi. Hapo peke yake zimeondoka 4,200,000. Duka halijasajiliwa kwa VAT, hivyo kodi iliyolipwa wakati wa kununua imehesabiwa ndani ya hiyo 10,000.

Kuna na jambo la pili ambalo wenye maduka wengi hawalijui. Kiasi cha bima kilichoandikwa kwenye hati ni 26,000,000. Kilitosha mwanzoni mwa mwaka, mzigo ulipokuwa mdogo. Kwa mzigo wa Idi kilikuwa pungufu, na hati ina sharti kwamba bima ikiwa pungufu, mwenye mali anagawana hasara na kampuni kwa uwiano ule ule. Watu hudhani kwamba hasara ikiwa ndogo kuliko kiasi cha bima italipwa yote. Sivyo. Kampuni imepokea ada ya sehemu ya mzigo, nayo inalipa sehemu hiyo hiyo ya kila doti iliyoharibika. Zipo hati zinazosamehe upungufu mdogo, kwa mfano kama kiasi cha bima kinafika asilimia 85 ya thamani ya mali. Ya mama haina kipengele hicho, na hata ingekuwa nacho asingefika.

Mchanganuo ulipokuja, ulionyesha nilichokuwa nakihofia. Hasara imewekwa kwa bei ya kununulia, 14,000,000. Lakini thamani ya mzigo wote imeachwa kama mama alivyoiandika, kwa bei ya kuuzia, 52,000,000. Kiasi cha bima, 26,000,000, ni nusu yake, basi hasara nayo ikakatwa nusu: 7,000,000. Toa asilimia 10, ndiyo hiyo 6,300,000.

Mimi nasema bei haiwezi kuwa ya kununulia upande mmoja na ya kuuzia upande wa pili. Kama hasara ni doti 1,400 kwa shilingi 10,000, basi mzigo wote nao ni doti 4,000 kwa shilingi 10,000, yaani 40,000,000. Kiasi cha bima ni asilimia 65 ya hapo. Asilimia 65 ya 14,000,000 ni 9,100,000. Toa asilimia 10, inabaki 8,190,000. Ukiondoa kilicholipwa, mama anadai 1,890,000.

Vielelezo vipo. Risiti za EFD za manunuzi zinaonyesha bei ya kila jora na kila robota, na daftari la stoo lilifungwa jioni ya siku ile ile. Daftari lilinusurika kwa sababu mama hulala nalo nyumbani. Pembe zake hazina hata harufu ya moshi. Hesabu ya doti 4,000 mkadiria mwenyewe aliikubali, imo kwenye ripoti yake.

Sasa maswali yangu. Sahihi ya mama kwenye maneno "kamili na ya mwisho" inafunga mlango hata pale kosa likiwa la hesabu, linaloonekana kwenye karatasi ya kampuni yenyewe? Na je, watamgeuzia kwamba 52,000,000 aliiandika kwa mkono wake, ilhali 18,200,000 aliyoiandika kwenye fomu ile ile waliisahihisha wao?

Nimeshaandaa barua ya malalamiko kwenda kwa kampuni, ukurasa mmoja, yenye hesabu mbili bega kwa bega na nakala za risiti. Mama anaona aipitishie kwa wakala aliyemkatia bima, kwa kuwa wamejuana miaka mingi. Mimi naona iende moja kwa moja kwa meneja wa madai, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yetu, ili wakikataa tuwe na kitu cha kupeleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima au TIRA. Ipi ni njia sahihi, na barua itaje vocha ile wazi au isubiri waitaje wao?

Wako,
Mtunza hesabu, Ngamiani, Tanga