Tabaka huongezeka uzito, si ukali

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wa wanafunzi katika gazeti lako ulikuwa na swali la fenoli na maji, na jibu lililochapwa limenikera kidogo. Swali lilikuwa zuri. Gramu 30 za fenoli zimechanganywa na gramu 70 za maji katika nyuzi 50 za Selsiasi, yakatokea matabaka mawili. Je, ukiongeza fenoli gramu 10 kutatokea nini? Mjibuji akasema matabaka yote mawili "yatakuwa na fenoli kali zaidi". Hapana. Yatabaki na ukali uleule, ila uzito wake utabadilika, tena kwa namna ambayo wengi hawaitarajii.

Fenoli na maji havikataani kabisa wala havikubaliani kabisa. Katika nyuzi 50, maji hupokea fenoli mpaka ifike takriban asilimia 11 ya uzito, yakashiba. Fenoli nayo hupokea maji mpaka yenyewe ibaki takriban asilimia 63, ikashiba. Ukichanganya kiasi chochote kilicho kati ya 11 na 63, utapata matabaka hayo mawili yaliyoshiba: la maji juu, la fenoli chini kwa sababu ni zito kidogo. Tabaka lililoshiba halina nafasi ya kuwa kali zaidi.

Kwenye grafu, asilimia ya fenoli huwekwa kwenye mhimili wa chini na halijoto kwenye mhimili wa wima, na mpaka wa matabaka mawili hujichora kama kuba. Katika nyuzi 50 chora mstari wa ulalo kutoka ukuta mmoja wa kuba mpaka wa pili. Huo ndio mstari wa kiungo. Ncha ya kushoto inasomeka 11, ya kulia 63, na mchanganyiko wetu wa asilimia 30 umekaa katikati yake. Kosa la kawaida ni kusoma ile 30 kana kwamba ndiyo hali ya tabaka mojawapo. Hakuna tabaka lenye asilimia 30 ndani ya chupa ile.

Uzito wa matabaka hupatikana kama kwenye mizani ya mkono: tabaka la maji linapimwa kwa umbali wa kutoka 30 hadi 63, yaani 33, na tabaka la fenoli kwa umbali wa kutoka 11 hadi 30, yaani 19. Mstari mzima ni 52. Kwa hiyo katika gramu 100, tabaka la juu ni 33 kwa 52, takriban gramu 63.5, na la chini ni gramu 36.5. Hakiki: asilimia 11 ya la juu ni gramu 7, asilimia 63 ya la chini ni gramu 23, jumla 30. Hesabu isiporudi kwenye 30, umegeuza mikono ya mizani.

Sasa ongeza zile gramu 10. Jumla ni 110, fenoli ni 40, yaani asilimia 36.4. Ncha za mstari hazijasogea hata kidogo. Ukipiga hesabu upya, tabaka la chini linafika takriban gramu 53.7 na la juu linashuka hadi 56.3. Umetia gramu 10, tabaka la chini limenenepa kwa 17! Hizo 7 za ziada, nyingi zikiwa maji, limezivuta kutoka juu, kwa kuwa fenoli mpya nayo lazima ishibe maji. Ukiendelea hadi fenoli ifike gramu 119 hivi, tabaka la juu litatoweka.

Kinachosogeza ncha ni joto. Ukipasha, 11 hupanda na 63 hushuka, mpaka zikutane karibu na asilimia 34 katika nyuzi 66 hivi. Hicho ndicho kilele cha kuba, na juu yake vimiminiko hivi huchanganyika kwa kiwango chochote.

Kwa walimu watakaojaribu hapa Tanga: tumieni maji yaliyokenekwa, si ya kisima. Chumvi huyeyuka kwenye maji tu na hukipandisha kilele hicho. Sabuni, inayokubalika na pande zote mbili, hukishusha. Pasheni polepole huku mkikoroga, someni kipimajoto ukungu unapotoweka, kisha tena unaporudi wakati wa kupoa. Masomo hayo mawili yakitofautiana sana, mmepasha haraka mno. Na vaeni glovu: fenoli huunguza ngozi huku ikiitia ganzi, hivyo mtu hajui mapema kwamba ameungua.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Ngamiani, Tanga