Video za kutahadharisha wateja wa benki zimuoneshe mteja anayebonyeza mwenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na benki zetu, hasa wale wanaoandaa video fupi za kuwatahadharisha wateja kuhusu utapeli wa fedha kwa simu. Mimi ni wakala hapa Morogoro. Nahudumia mitandao ya simu na nina mashine ya benki pia, kwa hiyo waliotapeliwa wananifikia wakati mikono bado inawatetemeka, wakiuliza kama muamala unaweza kurudi. Nikimuuliza mtu kama alitaja namba ya siri, ananijibu kwa uchungu: "Sikumtajia mtu yeyote." Na anasema kweli.

Hapo ndipo video nyingi zinapopwaya. Zinamalizikia kwenye "usimpe mtu namba yako ya siri", ushauri ambao ni sahihi, ila tapeli wa siku hizi hana haja ya kuijua. Anakuongoza uiweke mwenyewe, kwenye simu yako, ili ukamilishe muamala alioupanga yeye. Tena yeye ndiye anayekukumbusha usimtajie, na ukishasikia maneno hayo unaamini kabisa kwamba unaongea na mtu wa benki.

Napendekeza video ya dakika mbili yenye kisa kimoja tu, kinachofuatwa hatua kwa hatua. Tumpe mhusika jina la Rehema, muuza mchele katika soko la Kingalu. Ni saa tano asubuhi, wateja wamejaa, anapima kilo mbili kwa mkono mmoja na simu inaita. Tapeli asiigizwe akiwa na kofia usoni na sauti ya kutisha, maana tapeli wa hivyo hakuna anayempokea. Awe na Kiswahili fasaha, mpole, nyuma yake zisikike sauti za watu kama ofisi ya huduma kwa wateja.

"Habari za asubuhi, naongea na Rehema?" Anataja na jina la ukoo. Rehema anashtuka: huyu ananijua. Video isimame hapa kidogo imwoneshe mtazamaji jina lilikotoka. Mtu yeyote akiingiza namba yako kwenye menyu ya kutuma pesa, jina ulilosajilia laini linatokea kabla hajathibitisha. Anasoma jina, anafuta muamala, kisha anakupigia. Nimeona watu wengi wakinasa hapa, kwa sababu tu wametajiwa majina yote mawili.

Tapeli anaendelea: "Napiga kutoka makao makuu ya benki yako. Kuna mtu Mwanza anajaribu kutoa fedha kwenye akaunti yako sasa hivi. Ni wewe?" Angalieni kwamba hajataja benki. Rehema mwenyewe ndiye anayesema, "Siyo mimi, mimi niko Morogoro, na akaunti yangu ya benki fulani ninayo hapa kwenye simu." Kuanzia hapo tapeli anaitaja benki hiyo kila sentensi. Kisha linakuja swali ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa kizima: "Ili tuhakikishe ni wewe mwenye akaunti, salio lako la mwisho lilikuwa kiasi gani?" Rehema anajibu laki tano na kidogo. Sasa tapeli amejua kiasi cha kuchukua, na ameshapiga hesabu ya kuacha nafasi ya makato ili muamala usikataliwe.

"Tunauzuia pamoja. Weka simu spika, fungua menyu ya benki, chagua Tuma Pesa, halafu Mitandao ya Simu." Rehema anasita: kwa nini kutuma? Anajibiwa kwamba muamala wa wizi umepita njia hiyo, kwa hiyo lazima ufungwe kwa njia hiyohiyo. Menyu inaandika Ingiza namba ya simu. Tapeli anasema, "Hapo weka namba ya kumbukumbu ya kesi, nakusomea." Anaisoma mbilimbili: sifuri sita, hamsini na nne, na kuendelea. Sisi tumezoea kusomeana namba za simu tatutatu, kwa hiyo sikio la Rehema halitambui kuwa anaandika namba ya simu ya mtu. Menyu inaandika Ingiza kiasi. "Hapo weka namba ya uhakiki: arobaini na nane, sabini na tatu, hamsini." Rehema anaandika 487350. Hakuna aliyemtajia laki nne na elfu themanini na saba.

Sasa kioo cha simu kijae kwenye video nzima, maandishi yawe makubwa hata aliyesahau miwani ayasome: Unatuma TSh 487,350 kwenda, halafu jina la mtu asiyemjua. Ingiza namba ya siri kuthibitisha. Tapeli hatulii hata sekunde moja hapa. "Utaona jina la ofisa wetu anayeshughulikia kesi yako, usiogope. Weka namba yako ya siri, ila tafadhali usinitajie, ni ya kwako peke yako. Fanya haraka, menyu itajifunga na yule mtu atachukua fedha." Ni kweli menyu ikikaa bila kujibiwa hujifunga, na tapeli anautumia ukweli huo kumnyima Rehema nafasi ya kusoma kilichoandikwa mbele ya macho yake.

Nasihi sana kwamba video igandishe picha hapa, kimya, kwa sekunde tano kamili. Tangu simu ilipoita, kioo ndicho kilichosema kweli: kinatuma, kiasi ni hiki, kinakwenda kwa huyu. Kisha maneno machache yaandikwe: namba ya siri huwekwa kutoa fedha, kupokea hakuitaki, na hakuna muamala unaozuiwa kwa kuchagua Tuma Pesa. Yaandikwe, yasisomwe kwa sauti peke yake. Runinga za kwenye kumbi za benki mara nyingi zimezimwa sauti, na mteja anayesubiri foleni anaona midomo inayocheza tu. Video hiyohiyo iwe nyepesi kiasi cha kutumwa kwa WhatsApp bila kumaliza bando la mtu.

Baada ya Rehema kubonyeza, tapeli anamwambia azime simu nusu saa ili mfumo ujisafishe. Video nyingi huishia kabla ya hapo, wakati nusu saa hiyo ndiyo inayoamua. Simu ikiwa imezimwa, Rehema haoni ujumbe wa muamala wala hapigii mtu, na huku fedha zinatolewa kwa wakala mji mwingine au zinasukumwa kwenye laini ya pili na ya tatu. Fedha zikiwa bado kwenye laini iliyopokea, zinaweza kuzuiwa. Zikishatolewa taslimu, benki haina cha kurudisha kwenye mfumo, kinabaki kazi ya polisi.

Kwa hiyo katika kisa chetu, jirani yake muuza maharage amuulize kwa nini amezima simu wakati wateja wanampigia. Rehema aiwashe, aone ujumbe, na tumwoneshe anachofanya kwa mpangilio. Kwanza anapiga benki kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yake, siyo kwa namba iliyompigia, wala siyo kwa namba aliyoiokota mtandaoni ambako matapeli pia huweka za kwao. Benki ndiyo iliyotoa fedha, na ndiyo yenye njia ya kuuomba mtandao uliopokea uzishikilie. Anawasomea namba ya kumbukumbu ya muamala iliyo kwenye ujumbe, kiasi, saa na namba iliyopokea. Ndiyo maana ujumbe ule haufutwi, hata kama ukiutazama moyo unauma. Pili, kama ana laini ya mtandao ule uliopokea, anapiga 100 na kutoa taarifa huko pia. Halafu anakwenda kituo cha polisi kuchukua RB, kwa kuwa benki na mtandao watahitaji kuanzia mahali, na kosa lenyewe linaangukia kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Namba ya tapeli anaituma 15040, ambayo TCRA imeiweka kwa ajili ya taarifa za namba na ujumbe wa kitapeli.

Niseme neno kuhusu hiyo 100, maana inachanganya watu dirishani kwangu. Tumeelezwa kwamba mtandao wa simu ukimpigia mteja hutumia namba 100, na hilo limewasaidia wengi kutambua simu za uongo. Lakini kanuni hiyo ni ya mitandao. Benki haipigi kwa 100, na mteja hana namna ya kujua kwa kutazama tu kama namba iliyompigia ni ya benki kweli. Video isimwambie "tazama namba iliyopiga". Imwambie akate, kisha apige yeye. Ofisa wa kweli hatakasirika ukikata na kupiga makao makuu, na simu ya kweli inaweza kusubiri dakika tano.

Mwisho wa kisa usiwe wa kufurahisha kuliko ukweli. Rehema arudishiwe sehemu tu, tuseme laki moja na ishirini iliyokutwa bado kwenye laini ile, na nyingine iwe imekwenda. Siku mbili baadaye apigiwe na "ofisa wa kitengo cha urejeshaji" akimtaka atume elfu thelathini ya kufungua faili ili apate zilizobaki. Hiyo nayo hutokea, kwa sababu namba ya aliyetapeliwa mara moja huwa na thamani kwa matapeli. Rehema asisubiri amalize sentensi. Akate, apige namba ya nyuma ya kadi.

Ombi langu kwa benki itakayoipokea hoja hii: kabla video haijapelekwa kwenye matawi, iletwe kwetu mawakala tuwaoneshe wateja kumi dirishani, wazee kwa vijana, bila kuwaeleza kitu. Wakimaliza kutazama tuwaulize ni wapi wao wangekata simu. Anayejibu "aliposema chagua Tuma Pesa", au "aliponiuliza salio", ameelewa. Wengi wakijibu "angeniomba namba ya siri", video irudi ikafanyiwe kazi upya.

Wakala wa fedha,
Morogoro