Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: mishale imegeuzwa

Ndugu Afisa Elimu Msingi wa wilaya yetu hapa Dar es Salaam,

Salaam. Nakuandikia kuhusu swali la utando wa chakula kwenye mtihani wa majaribio wa sayansi walioufanya watoto wetu wa darasa la sita. Mimi ni mzazi, na pia nafundisha Baiolojia sekondari, kwa hiyo karatasi ya binti yangu niliisoma mara mbili.

Mchoro una nyasi, panzi, panya, chura, nyoka na mwewe. Mshale unatoka kwa mwewe kwenda kwa nyoka, kwa nyoka kwenda kwa chura na kwa panya, hivyo hivyo mpaka kwenye nyasi. Nadhani najua kosa lilikoanzia. Mtunzi alisema moyoni "mwewe anamla nyoka", akaandika mwewe, akachora mshale mahali pa kitenzi, akamalizia na nyoka. Ndivyo sentensi yetu inavyokwenda. Ila mshale huu husomwa "analiwa na", kwa sababu unaonyesha nishati inakoelekea. Nyoka akishamezwa, nishati iliyokuwa mwilini mwake ndiyo inayoingia kwa mwewe. Mwewe hampi nyoka chochote.

Maswali yenyewe ndiyo yaliyoharibu zaidi. Kipengele (a) kilitaka kizalishaji. Watoto wamezoea kukitambua kwa mishale: inatoka kwake, hakuna unaoingia, maana nishati yake anaipata juani. Anayefuata kanuni hiyo kwenye mchoro huu atajibu mwewe, na atakuwa ameusoma sawasawa.

Kipengele (b) kilitaka mnyororo mmoja wa viumbe wanne. Binti yangu aliandika nyasi → panzi → chura → nyoka, akawekewa kosa kwa kuwa haufanani na mchoro. Aliniuliza, "Baba, kwani panzi hali nyasi?"

Kipengele (c) kiliuliza kwa nini mwewe ni wachache kuliko panzi. Jibu ni kwamba katika kila hatua ni takriban asilimia 10 tu ya nishati inayofika kwa anayekula. Nyingine huishia kwenye joto, mwendo na mabaki. Ukihesabu kwa mishale hii, nyasi ndizo zinazoishi kwa makombo ya mwewe.

Ninachoomba si kumwadhibu mtunzi. Naomba (a) ipokee nyasi na mwewe pia, na (b) impe alama aliyeandika mnyororo sahihi na aliyenakili mchoro, mradi hajachanganya pande mbili katika mnyororo mmoja. Kipengele (c) kisahihishwe kwa maelezo ya mtoto, mchoro usihesabiwe. Halafu mchoro urekebishwe kabla karatasi haijafika kwenye maduka ya fotokopi, maana ikifika huko itafundishiwa tuisheni miaka mingi. Mtunzi ajaye aangalie nyasi tu: akiona mshale unaingia kwenye nyasi kutoka kwa panzi, mchoro umepinduka.

Wako,
Mzazi na mwalimu wa Baiolojia