Mwanangu, huyo mama alikuwa anahesabu siku za fundi

Likasi, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Picha uliyonitumia nimeisoma, ujumbe ambao yule mama wa Kolwezi aliiandikia ajansi yenu ya mabasi kuhusu mzigo wake wa vitenge, na jibu lako chini yake. Unaniuliza kwa nini alizidi kuwaka wakati ulimjibu kwa adabu. Adabu ilikuwepo, hilo silikatai. Ila nimelirudia jibu lako mara kadhaa nikijiweka mahali pake, na hata mimi damu ilianza kuchemka.

Tuanze na maneno yake. “Nyinyi ni wezi. Tangu Jumatatu munaniambia kesho, kesho. Fundi ananidai vitenge, ndoa ni Jumamosi. Mzigo wangu uko wapi?” Aliandika hivyo Jumatano saa nne asubuhi. Macho yako yalikwama kwenye wezi, na nani asingekwama, umeketi gisheni tangu alfajiri halafu mtu anakutupia tusi. Mimi niliyeshona maisha yangu yote, macho yangu yalikwenda kwa fundi. Vitenge vilikuwa vya wanawake kumi na wawili. Fundi mwenye msaidizi mmoja, umeme ukimwonea huruma, akikazana atatoa libaya na sketi za watu wanne kwa siku. Kumi na wawili ni siku tatu: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Saa nne ile alipokuandikia, siku ya kwanza ilikuwa tayari inaliwa na mkasi haujagusa kitambaa. Hasira yake yote ilikuwa humo, na alikuandikia waziwazi: fundi, Jumamosi.

Sasa jibu lako. “Mama, habari. Tumepokea malalamiko yako. Tunasikitika kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Mzigo umechelewa kwa sababu watu wa depo hawakumpa shofere borodero vizuri. Tafadhali uwe na subira, tunashughulikia.”

Usumbufu wowote, mwanangu, ni kama kumwambia huna hakika kama alisumbuliwa. Amekutajia fundi na ndoa, wewe humrudishii hata kimoja, basi anajua hukusoma. Watu wa depo yeye hawajui. Alilipa nauli ya mzigo kwenye gishe moja, akapewa resi moja yenye jina la ajansi, na kwake depo, shofere, gishe ni mtu mmoja. Ukimsukumia depo unamwambia akagombane na watu asiowaona. Subira alishaitoa Jumatatu na Jumanne. Halafu hilo “tunashughulikia”: nani anashughulikia, anafanya nini, hadi saa ngapi? Limefanana mno na kesho aliyoambiwa mara mbili.

Kabla ya kuandika ungempigia. Mtu anayewaka hutulizwa na sauti zaidi ya maandishi, na kwetu kupiga ni heshima. Umwache amwage yote, usimkatize hata akikosea tarehe. Akimaliza, umrudishie alichosema kwa maneno yake: “Vitenge ni vya watu kumi na wawili, fundi alitakiwa kukata leo, ndoa Jumamosi. Nimesikia sawa?” Hapo atakurekebisha au atasema ndiyo, na vyovyote vile mmeacha kusukumana. Mwombe nusu saa. Hiyo nusu saa uende depo mwenyewe, uangalie borodero ya Jumapili mstari kwa mstari, upige Likasi na Kolwezi, halafu umwulize bosi una ruhusa ya kuahidi nini. Hili la bosi usiliruke. Ahadi uliyoitoa bila ruhusa ikikataliwa jioni, umemdanganya mara ya tatu.

Ndipo uandike, ili awe na kitu cha kumwonyesha fundi na mume wake. Mimi ningeandika hivi:

“Mama, ni Neema wa gishe ya Lubumbashi. Mimi ndiye nitafuata mzigo wako hadi ufike. Fundi alitakiwa kukata leo na vitenge hana, tumemlia siku ya kwanza kati ya tatu. Mzigo tuliupokea Jumapili, tulipaswa kuufikisha Kolwezi Jumatatu, hatukuufikisha. Jumatatu na Jumanne tulikuambia kesho bila kwenda kuangalia, na hilo ni kosa letu la pili. Hapa depo nimetafuta mwenyewe, haupo. Likasi wanatafuta sasa hivi. Saa sita kamili nitakupigia, niwe nimeuona au sijauona. Ukionekana, utapanda basi la kwanza na tutaupeleka hadi kwa fundi, usihangaike kuja ajansi. Nitumie namba yake. Utusamehe.”

Tazama kosa lilivyosemwa. Ukisema mzigo umechelewa, ni kama mzigo ulijichelewesha wenyewe, ulikaa njiani ukipumzika. “Hatukuufikisha” ina mwenyewe. Na yapo makosa mawili, watu wengi hukiri la kwanza tu. Mzigo kupotea njia kwenye barabara ya Kolwezi yeye angeweza kulisamehe, mabasi anayajua. Kilichomfanya aandike wezi ni kesho mbili za uongo. Ni mwenzako wa zamu nyingine aliyezisema, najua, uliniambia. Usimtaje. Mbele ya mteja sema “tulikuambia”, mengine mtayamaliza nyinyi kwa nyinyi nyuma ya gishe.

Kisichojulikana pia nimekiandika kama kisichojulikana. Jumatano asubuhi hukujua kama mzigo umeibwa, umekwama au umeshushwa mahali pengine. Ungesema umepotea ungemuua kwa bure, ungesema uko njiani ungedanganya. Kukiri kosa hakukulazimishi kubuni sababu. Unakiri unachokijua, na ulichokijua kilitosha.

Saa sita ndiyo sehemu ngumu. Ukiwa umeuona mzigo, kupiga ni raha. Ukiwa hujauona, mkono unakuwa mzito, unajiambia ngoja nipate habari kwanza, saa saba inapita, saa nane, naye kule ameweka simu mezani anaitazama. Piga hata kama huna jipya: “Mama, Likasi wamemaliza chumba kimoja, hawajauona, wanaingia cha pili, nitakupigia tena saa nane.” Kwa hiyo chagua saa utakayoiweza. Kama chakula chako ni saa sita, usiahidi saa sita.

Na hapa ndipo ajansi yenu iliharibu kabisa, zaidi ya jibu lako. Mzigo ulionekana huku Likasi Jumatano saa tisa mchana. Karatasi ya jina ilikuwa imefungwa upande wa chini, vijana wakaushusha pamoja na mizigo ya hapa. Saa tisa hiyo hakuna aliyempigia mama. Basi la jioni lilikuwa limejaa, mzigo ukalala, ukafika Kolwezi Alhamisi mchana, na yeye akaitwa kuja kuuchukua ajansi kama mtu yeyote. Kumbe angejua Jumatano saa tisa kwamba vitenge viko Likasi, salama, na vitafika Alhamisi, angeweza kupanga: kutafuta fundi wa pili, au wale wasio wa familia ya karibu wavae kitenge walicho nacho. Habari mbaya iliyofika mapema angeifanyia kazi. Badala yake fundi alikesha usiku mbili, na bila shaka anamdai.

Utaniuliza, na kama kosa ni la mteja? Lipo. Mfano papa anaandika namba ya simu yenye tarakimu moja iliyokosewa, mzigo unakaa Kolwezi wiki nzima, kisha anakuja kupiga meza. Huwezi kukiri kwamba mlikosea namba, resi ina mwandiko wake. Lakini mambo yake yamekwama kweli, hilo liseme. Na tazama kama mna kipande chenu: je, namba ilipokosa kupokelewa, kuna aliyempigia mtumaji hapa Lubumbashi? Kama hakuna, kipande hicho ni chenu, kikirini. Namba mwonyeshe bila kumcheka, “papa, hapa tumesoma saba, ni saba au moja?”, kisha mwambie mzigo unampata vipi na leo saa ngapi. Na anayetishia kukupiga si mteja wa kuandikiwa, mwite bosi.

Turudi kwa mama wa Kolwezi, maana umesema bosi anataka umwandikie kesho na kumpa punguzo la safari ijayo. Sikubaliani naye, na unaweza kumwambia mama yako amesema. Ameshaapa hatatuma tena kwenu, punguzo la safari ijayo ni kumpa kitu kisichowagharimu nyinyi chochote. Nauli ya mzigo irudishwe yote, kesho, kwa simu yake. Hiyo ni ndogo, yeye mwenyewe anajua. Kilichomgharimu ni usiku mbili za fundi, na hapo msibahatishe kiasi. Mwulize huyo mama fundi amemdai ngapi, kisha bosi aseme atalipa yote au nusu, na mumwambie hivyo hivyo. Nusu iliyosemwa wazi ni bora kuliko “tutaangalia”. Msimwombe afute alichowaambia ndugu zake kwenye kundi la harusi. Pesa ikija na sharti hilo, amenunuliwa mdomo, na atawaambia hilo nalo.

Ujumbe wenyewe uwe mfupi, anajua kisa chote: “Mama, vitenge vilifika Alhamisi badala ya Jumatatu, na tulipovipata Jumatano hatukukuambia. Fundi wako alikesha kwa ajili yetu. Leo kabla ya saa sita nauli yako inarudi kwa namba hii. Nijulishe fundi amedai ngapi kwa kazi ya usiku, bosi atanijibu leo, nami nitakupigia saa tisa. Neema.” Sababu ya karatasi ya jina iandike kama akiuliza. Akiuliza, mwambie pia kwamba sasa jina linaandikwa pande mbili za mzigo, mradi mmeanza kufanya hivyo kweli. Kama hamjaanza, kaa kimya mpaka muanze.

Anaweza asijibu. Usimtumie ujumbe wa pili kuulizia kama amekusamehe. Piga saa tisa kama ulivyoahidi, asipopokea mwachie ujumbe wa alichosema bosi, na nauli itume vilevile.

Kalamu nzito mliyoniomba ya kuandikia majina nimeipata hapa sokoni, nitampa binamu yako anayepanda Jumanne. Baba anakusalimu.

Mama yako