Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma: mguu unaouma kuliko unavyoonekana

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Kwa heshima nakusalimu kutoka mwambao. Mimi ni tabibu katika kituo kimoja kusini ya Kigoma mjini, huku ambako mgonjwa wa rufaa hupandishwa boti. Nimeamua kuandika hadharani kwa sababu jambo hili haliko kwangu tu, na kwa sababu kosa nitakalolisimulia ni la mkono wangu mwenyewe. Simshtaki mtu.

Jumatatu moja, saa 3 asubuhi, aliletwa mvuvi wa dagaa, mtu wa miaka arobaini na kitu. Jumamosi usiku alikuwa amechomwa na mwiba wa samaki juu ya mguu, karibu na vidole. Jumapili mguu ukaanza kuvimba. Alipofika kwangu alishikwa mabega na wawili, analia machozi. Nikautazama mguu: umevimba kiasi, una joto, kitundu cha mwiba kimeshafunga. Nimeona miguu mibaya zaidi ya ule ikitembea yenyewe mpaka mlangoni. Nikasema moyoni huyu ni mwoga. Nikaandika "selulaitisi", nikamwekea kloksasilini ya mshipa na sindano ya diklofenaki, nikaenda kwa wajawazito.

Kwenye faili nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu: joto 37.9, mapigo 124 kwa dakika. Niliandika, sikusoma.

Selulaitisi ni maambukizi ya ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Huuma, huvimba, huwa na joto, lakini maumivu yake yanalingana na kile unachokiona. Dawa ikiingia na mguu ukiinuliwa juu ya mto, kwa kawaida siku ya pili au ya tatu mgonjwa anakwambia mwenyewe amepata nafuu. Ugonjwa wa pili, ule wa kuoza kwa utando ambao vitabu vyetu huuita nekrotaizingi fashaitisi, unakaa chini zaidi. Aliyewahi kuchuna mbuzi anaujua utando huo: ule mweupe, mwembamba, unaoshika nyama. Wadudu wakiingia pale hutambaa kwenye utando kama moto wa chini kwa chini kwenye shamba la mavuno, huziba mishipa midogo ya damu inayopanda kulisha ngozi, na ngozi ya juu inabaki nzuri kwa saa kadhaa kabla ya kujua kwamba imekatiwa chakula. Ndiyo maana mgonjwa analia na wewe huoni kitu. Kile kilio ndicho dalili ya kwanza, na mimi nilikiita woga.

Jioni ya siku ile, saa 12, muuguzi alinipa habari njema: mgonjwa ametulia, anasema haumwi tena. Nikafurahi. Hapa naomba wenzangu wote wa zahanati na vituo wasome taratibu. Maumivu yale hayakuondoka kwa sababu ya dawa. Diklofenaki ilikuwa imeyafunika kwanza, halafu neva za ngozi zenyewe zikafa. Kama ningemgusa kwa ncha ya pamba juu ya kifundo, asingeihisi. Mguu ulioanza kwa maumivu makali kisha ukafa ganzi huku uvimbe ukipanda haujapona hata kidogo, na mapigo yalikuwa yangali juu ya 120.

Saa 10 alfajiri ndugu zake waliniita. Uvimbe umefika gotini. Juu ya kifundo kumetokea malengelenge mawili yenye maji ya rangi ya zambarau, na ngozi pembeni imekuwa na rangi ya majivu. Presha 85 kwa 50. Anaongea maneno yasiyoeleweka. Nikapima sukari kwa mara ya kwanza: 19. Hakuna aliyewahi kumwambia ana kisukari, wala mimi sikumpima mchana, ingawa glukometa ilikuwa mezani. Shangazi yake akasema ametegwa, kwamba amekanyaga kitu cha watu, na akataka wamrudishe nyumbani kwanza. Sikumlaumu, ugonjwa unaompindua mtu mzima kwa siku mbili na kitu kutoka kwenye kitundu cha mwiba unatafutiwa maelezo. Tulizungumza naye kwa nusu saa ambayo hatukuwa nayo.

Safari ya boti ilichukua saa 5. Hospitalini daktari wa upasuaji hakungoja picha. Alichana sentimita mbili juu ya kifundo mpaka kwenye utando. Damu haikutoka. Yalitoka maji ya kijivu, mepesi, kama ya kusuuzia masufuria, yananuka. Akapitisha kidole, na kidole kikateleza kati ya mafuta na utando bila kuzuiwa, vile tunavyosukuma ngumi kati ya ngozi na nyama ya mbuzi. Kwenye mwili wa mtu mzima hai, hiyo njia haipaswi kuwepo. Utambuzi uliisha palepale. Alikata yote iliyokufa mpaka akafika kwenye nyama inayovuja damu, kesho yake akamrudisha thieta kuangalia tena kama kawaida inavyotaka, akakuta imepanda, na mguu ukaondolewa juu ya goti. Mvuvi yule yuko hai. Siku hizi anashona nyavu Kibirizi, na tunasalimiana.

Sasa ombi langu, Ndugu Mganga Mkuu.

Kwanza kuhusu kalamu. Tumefundishwa kuchora mstari kwenye mpaka wa wekundu na kuandika saa. Ni jambo zuri, ila kwetu wekundu hauonekani. Kwenye ngozi ya mtu aliyekaa juani ziwani miaka ishirini, utaona ngozi imekaza, inang'aa, imekuwa nyeusi kuliko ya mguu wa pili. Kwa hiyo mpaka tuutafute kwa mgongo wa kiganja, pale joto linapoishia. Na naomba maelekezo ya mkoa yaseme tuchore mistari miwili: mmoja pale joto na mabadiliko ya ngozi yanapokoma, wa pili pale maumivu na ugumu vinapokoma ukibonyeza taratibu. Kwenye selulaitisi mistari hiyo hukaribia kukutana. Ukikuta mgonjwa anaruka ukimbonyeza vidole vinne juu ya mpaka wa joto, na nyama pale imekuwa ngumu kama ubao ingawa ngozi yake ni safi, basi ugonjwa uko chini na umeshatangulia.

Juzi nimemlaza mama mmoja muuza mihogo, muundi umevimba. Mistari yake ilikutana, mapigo 92, anaumwa lakini anacheka na mwanaye. Kesho yake joto lilikuwa limevuka mstari kwa upana wa kidole. Muuguzi akashtuka, akataka tuite boti. Nikamwambia kuvuka kidogo ndani ya siku ya kwanza hutokea hata dawa ikiwa inafanya kazi. Tuangalie mapigo, maumivu na ugumu. Vyote vilikuwa vinashuka. Siku ya tatu ngozi ilianza kukunjamana, akaenda nyumbani na vidonge. Nalitaja hili ili nisije nikaonekana nataka kila mguu uliovimba upelekwe mjini. Thieta ingejaa kwa wiki moja na daktari wa upasuaji angeacha kupokea simu zetu, na angekuwa na haki.

La pili ni saa za kurudia. Tumezoea kumpa mgonjwa wa maambukizi dawa na kusubiri siku mbili tuone. Kwa ugonjwa huu hizo siku mbili ndizo mguu, na mara nyingi ndizo uhai. Hata kwenye hospitali kubwa za dunia, katika wagonjwa wanne au watano hufa mmoja. Naomba kila mgonjwa tunayemlaza kwa selulaitisi ya mguu, mkono au sehemu za siri aangaliwe tena zikipita saa 4 na mtu yuleyule aliyechora mistari, kabla ya kurudiwa dawa ya maumivu. Aguswe kwa pamba. Mapigo yahesabiwe na yasomwe. Homa tusiitegemee, wengi wao hawana. Na ile sauti ya hewa ukibonyeza, kama unakanyaga makapi makavu, ikisikika ni ushahidi mkubwa, lakini kwa wagonjwa wengi haisikiki kabisa, kwa hiyo kutosikika kwake kusimtulize mtu. Malengelenge meusi nayo huja yamechelewa.

La tatu ndilo linalokuhusu wewe zaidi, kwa kuwa liko kwenye kalamu yako. Fomu ya rufaa tunayotumia huku inataka majibu ya maabara, na mgonjwa wa "maambukizi ya ngozi" akifika hupokewa wodi ya kawaida, kisha anasubiri eksirei na mzunguko wa asubuhi. Eksirei isiyoonyesha hewa haiondoi ugonjwa huu, wala kipimo cha damu kilicho kizuri. Kinachouthibitisha ni kisu. Naomba tabibu aruhusiwe kumpigia daktari wa upasuaji wa zamu moja kwa moja, na kwenye fomu aandike maneno "tunahofia kuoza kwa utando", ili mgonjwa ashushwe karibu na thieta. Simwombi mtu wa zahanati achane mwenyewe. Bila damu, bila mtu wa usingizi, kukichana ulichoshindwa kukimaliza ni kumwongezea mgonjwa msiba.

Tunachoweza kufanya huku ni kutomwacha aondoke mikono mitupu. Tunaweza kumwekea kanula mbili na dripu, kumpima sukari, na kumpa dozi ya kwanza kabla ya kamba ya boti kufunguliwa: seftriaksoni gramu 2 na metronidazo miligramu 500 kwa mshipa. Hizo ninazo. Nisichokuwa nacho ni klindamaisini ya sindano, na yenyewe ndiyo inayozima sumu wanazotengeneza wadudu hawa hata pale dawa nyingine inapowaua polepole. Chupa chache kwa kila kituo cha mwambao zingetosha mwaka mzima. Wagonjwa hawa si wengi. Dawa peke yake haitamponya, maana haifiki kwenye nyama isiyo na damu, ila inamnunulia saa za majini.

Faili la mvuvi yule nimelinakili bila jina lake, baada ya kumwomba ruhusa. Alikubali, akaniuliza kama nimeandika kwamba alilia. Nimeandika. Likihitajika kwenye kikao cha mkoa nitalileta mwenyewe, boti ya Alhamisi.

Wako kazini,
Tabibu, mwambao wa kusini