Neno la kuandika juu ya jiko

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Thesaloniki, huku Ugiriki. Barua yako imenifikia, na nimefurahi kusikia kwamba mgahawa wako unakaribia kufunguliwa. Umeniuliza kama neno la Kigiriki meraki, ambalo umelikuta limefasiriwa kuwa ni kufanya kazi kwa roho na mapenzi, linafaa kuandikwa ukutani juu ya jiko. Nitakueleza jinsi ninavyolisikia likitumika hapa, kisha uamuzi utakuwa wako.

Fasiri hiyo si ya uongo, ila imeacha upande wenye uchungu. Wagiriki walilipata neno hili kwa Waturuki, ambao wanaposema merak humaanisha udadisi, wasiwasi, na pia kupenda jambo kupita kiasi. Waturuki nao walilitoa kwenye Kiarabu, ambako maraqq ni sehemu laini ya tumbo, mahali ambapo waganga wa zamani waliamini kwamba huzuni nzito hufukuta. Kwa hiyo neno lilikuwa jina la maradhi kabla halijawa sifa ya mpishi. Hilo lisikushangaze, maana hata hamu yetu imetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya wasiwasi. Mpaka leo Mgiriki aliyetamani kitu asikipate husema kwamba kimembakia meraki.

Kwenye kazi za mikono husemwa me meraki, yaani kwa meraki. Katika jiko ninakofanyia kazi sijamsikia mpishi akijisifu kwa maneno hayo. Husemwa na mlaji anapomaliza sahani yake. Tena mlaji mwenyewe, akiwa mtu wa kujua kizuri na kukingoja, huitwa meraklis. Nilifunzwa hayo na kikombe kimoja cha kahawa.

Kahawa yao husagwa mpaka iwe laini kama unga, na hupikwa katika briki, chombo kidogo chenye mkono mrefu ambacho jina lake ni jamaa ya birika letu. Maji ya baridi hupimwa kwa kikombe kilekile kitakachonywewa, kisha hutiwa kijiko kimoja cha chai kilichojaa cha kahawa, pamoja na sukari ikiwa mteja ameitaka. Hukorogwa mara moja tu, mwanzoni, halafu briki huzikwa kwenye majivu ya moto au mchanga uliopashwa, na hapo ndipo subira inapoanza. Povu zito, wanaloliita kaimaki, hujikusanya kwanza pembezoni na kufunga polepole kuelekea katikati. Linapopanda karibu na mdomo wa chombo, briki huondolewa kabla kahawa haijachemka. Ikichemka, povu hupasuka na kubaki mapovu makubwa yaliyotawanyika, na hakuna namna ya kulirudisha.

Siku zangu za mwanzo nilikuwa na haraka, nikaiweka briki juu ya moto wa gesi. Mzee mmoja, mteja wa kila asubuhi, alikitazama kikombe, akakisogeza upande wangu bila kukionja, wala hakukasirika. Nilipika tena kwenye mchanga, na safari hii nilimimina kidogo kidogo ili povu lishuke zima. Alingoja machicha yatulie, akanywa funda moja, akasema neno moja tu: meraki.

Mtaa wa pili yupo fundi wa buzuki, ala yao ya nyuzi. Tumbo la ala hiyo huundwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyopindwa kwa chuma cha moto na kugundishwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja kikiwa kimechongoka ncha zote mbili. Kabla ya kutia gundi, yeye hushika vipande viwili pamoja na kuviinua dirishani. Akiona uzi wa mwanga katikati, hupitisha randa tena, mara nyingine mara kumi kwa kiungo kimoja. Nilimwambia kwamba gundi ingeuziba mwanya ule na mnunuzi asingeujua kamwe. Alinijibu kwamba mnunuzi atalala usingizi, ila yeye hatalala. Hapo nilielewa kwa nini neno la wasiwasi limekuwa neno la ufundi.

Kwa maoni yangu, ndugu yangu, usiliandike juu ya jiko, maana litakuwa ni kujisifu mwenyewe. Ukilipenda sana, liweke upande wanaokaa wateja, na ukipata mmoja wa kurudisha mchuzi kwa sababu nazi imekatika, mpikie mwingine. Nitakutumia briki ya shaba pamoja na barua ijayo. Kwa jiko la mkaa, ifukie kwenye majivu ya pembeni, si katikati ya makaa.

Ni mimi rafiki yako.